Doli Linalonata: Uchafu Uko Juu ya Plastiki au Unatoka Ndani Yake?

Kwenye soko la Kibuye mjini Kisumu, vichezeo vya mitumba humwagwa juu ya turubai: magari, matofali ya kuunganisha, matedi, madoli yaliyopoteza kiatu kimoja. Mnunuzi hukagua macho, hukagua mishono, kisha hupatana bei. Wengi husahau kupitisha kidole juu ya plastiki na kuona kama kinanata. Wakifika nyumbani ndipo wanagundua, na hapo neno la kwanza huwa "chafu" na la pili "sabuni".

Mara nyingi wako sahihi. Lakini kuna vichezeo vinavyooshwa Jumamosi vikang'aa, na Jumamosi inayofuata vimeanza kunata tena na vumbi limevirudia, ilhali hakuna mtoto aliyevigusa. Mwenye nyumba huongeza sabuni, kisha Jik, kisha spiriti, na akikata tamaa huchukua petroli. Kila hatua inaharibu zaidi, kwa sababu swali la kwanza halikuulizwa: hii nata inatoka wapi? Inaweza kuwa imetua juu ya plastiki kutoka nje. Inaweza kuwa inachuruzika kutoka ndani ya plastiki yenyewe. Na kuna ya tatu, ya rangi ya mpira iliyopakwa juu ya plastiki ikaoza. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Nitalifuata doli moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa limekusanya karibu matatizo yote. Lililetwa na binamu yangu kutoka Nakuru, ambako lilikaa miaka mingi juu ya kabati. Kichwa, mikono na miguu ni ya plastiki laini inayobonyea, macho hufumba ukililaza, nywele ni za nailoni, na kiwiliwili ni cha kitambaa kilichojazwa. Lote lilikuwa limevaa utando wa kijivu unaoshika vidole.

Nata inayotoka nje

Utando wa kijivu juu ya kichezeo cha zamani kwa kawaida si vumbi peke yake. Vumbi kavu hupulizwa likaondoka. Kinacholigandisha ni mafuta. Katika nyumba ambayo jiko liko karibu na kitanda, kila unapokaanga, chembe ndogo za mafuta hupanda na mvuke na kutua juu ya kila kitu. Stovu ya mafuta ya taa inaongeza masizi. Kisha linakuja vumbi laini, lile la Nakuru wakati wa kiangazi cha Januari na Februari linalopenya hata dirisha lililofungwa, nalo linakwama hapo. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani kwa miezi hushika oksijeni, yakawa mazito na kugeuka kama vanishi. Ndiyo maana utando wa mwaka huu unatoka kwa maji na sabuni kidogo, na ule wa miaka kumi unahitaji subira.

Nata hii ina ramani yake. Iko nyingi juu ya kichwa na mabegani, ambako vitu hutua. Iko mikononi, ambako watoto hushika, na mdomoni, ambako waliweka chai na sharubati. Chini ya nguo na kwapani ni safi au karibu safi. Kwa hiyo livue doli nguo kabla ya kuchota maji, na ulipapase lote. Doli la binamu yangu lilinata kichwani na mikononi kama tulivyotarajia. Lakini miguu, iliyokuwa ndani ya soksi ndefu miaka yote hiyo, ilinata kuliko kichwa. Hiyo ndiyo ishara iliyotutia shaka.

Nata inayotoka ndani

Plastiki laini ya madoli mengi ya zamani ni PVC, plastiki ileile inayotengenezewa mabomba magumu ya maji. Kwa asili yake PVC ni ngumu. Ili ibonyee kama shavu la mtoto, kiwanda huichanganya na kiowevu cha mafuta cha kuilainisha, na katika kichezeo laini kiowevu hicho kinaweza kufika theluthi ya uzito wote. Jambo la kuelewa ni kwamba kiowevu hakijafungwa na plastiki kwa kemia. Kimeshikiliwa tu ndani yake, kama mafuta ndani ya sifongo, na kwa miaka kinasogea kidogo kidogo hadi juu. Joto linakiharakisha. Doli lililoachwa kwenye dari ya mabati, au dirishani linakopigwa na jua la Kisumu, litaanza kutokwa na mafuta mapema kuliko lililokaa kabatini penye baridi.

Njia ya kulithibitisha haihitaji maabara. Osha sehemu moja kama nitakavyoeleza, ikaushe, kisha uliweke doli kwenye kivuli ndani ya boksi safi lililofunikwa kwa wiki moja, bila mtu kuligusa. Ukilitoa na sehemu ile ni kavu, nata ilikuwa ya nje na kazi imekwisha. Ikiwa inanata tena, imetoka ndani. Dalili nyingine ni harufu tamu ya plastiki mpya kwenye kitu kizee, na vitone vidogo vinavyong'aa kwenye mikunjo ya magoti. Tazama pia kilichokuwa kikigusana na doli. Kiowevu hiki huhamia plastiki nyingine na kuilainisha, hivyo gari gumu lililolaliwa na mguu wa doli kwa miaka huwa na alama iliyoyeyuka yenye umbo la mguu huo. Ukiona alama ya namna hiyo huhitaji hata kusubiri wiki.

Hapa usafi unagusana na afya. Viowevu vilivyotumika zaidi zamani ni vya jamii inayoitwa thaleti, na baadhi yake vinahofiwa kuvuruga homoni za mwili. Ulaya ilianza kuvizuia mwaka 1999 katika vichezeo vya PVC vya watoto wa chini ya miaka 3 vinavyokusudiwa kutiwa mdomoni. Sheria ya mwaka 2005 ikaweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa kila kichezeo kinachohusika, na Marekani ikafuata mwaka 2008. Doli la kabla ya miaka hiyo halikutengenezwa chini ya masharti hayo, na mitumba haiji na cheti. Msimamo wangu ni huu: doli la plastiki laini ambalo limeshaanza kutokwa na mafuta lisipewe mtoto anayetia vitu mdomoni, hata likioshwa likanukia. Likae rafuni kama kumbukumbu, au lipewe mtoto mkubwa wa kulishonea nguo.

Ile nata ya tatu nitaipitia haraka. Kuna magari, rimoti na bunduki za maji zilizopakwa rangi yenye mguso wa mpira, kwa kawaida nyeusi. Rangi hiyo unyevu wa hewa huivunja, ikawa kama lami na kuchubuka kwa ukucha katika vibonge vidogo. Haisafishiki kwa sababu yenyewe ndiyo uchafu, kwa hiyo inatolewa yote. Toa betri kwanza. Lowesha kitambaa kwa spiriti ya kemisti, ile ya asilimia 70, sugua eneo la ukubwa wa sarafu, geuza kitambaa, endelea. Chini utakuta plastiki ngumu ya kawaida, haina mguso ule wa zamani lakini hainati tena. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi na moto wote umezimwa.

Kuosha kichwa na viungo

Kabla ya maji, ondoa vumbi kavu. Vumbi likilowa hugeuka tope na kuingia kwenye mashimo ya nywele na mikunjo ya masikio. Brashi laini ya kupaka rangi, mpya, inatosha. Piga taratibu kutoka juu kwenda chini, nje ya nyumba, na mtoto mwenye pumu asiwe karibu.

Kisha tayarisha lita 1 ya maji ya vuguvugu, ambayo mkono unakaa bila kushtuka, yaani chini ya nyuzi 40. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa mafuta ya jikoni, na adui wetu ni mafuta ya jikoni. Sabuni ya kipande ina ukali wa magadi kuliko ile ya vyombo, na kwenye maji ya kisima yaliyo magumu huacha ugando mweupe ambao nao unashika vumbi. Sabuni ya unga ifaayo kwa nguo ina chembe zinazokwaruza plastiki zisipoyeyuka.

Usitumbukize doli. Macho yanayofumba yana chuma ndani, na maji yakiingia kwenye tundu la jicho yatatoa kutu itakayotiririka shavuni kama machozi ya kahawia wiki mbili baadaye. Kitambaa cha pamba kiloweshe, kikamue hadi kisidondoshe, kisha pangusa huku kichwa kimeinama ili maji yasielekee shingoni. Acha unyevu wa sabuni ukae dakika mbili au tatu juu ya utando mzito kabla ya kupangusa tena. Hii ndiyo subira niliyoitaja: muda unafanya kazi ambayo nguvu ingeifanya kwa kukwaruza. Mikunjo ya pua na masikio ifanyie kwa pamba za masikio. Maji yakigeuka kijivu, yamwage uchanganye mengine, la sivyo unahamisha uchafu tu. Malizia kwa kitambaa cha maji matupu, mara mbili, na ukaushe kwa taulo.

Mashavu, midomo na nyusi ni rangi iliyopakwa. Zijaribu kwanza kwa pamba ya masikio yenye sabuni, kwenye ukingo usioonekana. Pamba ikitoka na wekundu, zunguka mbali na sehemu hiyo. Rangi ikiwa inamenyuka kwa magamba kwenye kichezeo cha zamani sana, usiikwangue wala usiipige msasa, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi na unga wake ndio hatari.

Mara nyingi nimesikia mama akiambiwa atumie soda ya kuokea kwa madoa yaliyobaki. Inafaa, ikiwa uji mzito wa soda na maji utasuguliwa kwa kidole juu ya plastiki ngumu. Juu ya plastiki laini inafifisha mng'ao. Na hapa kwetu magharibi nitaongeza jambo: magadi yale ya kulainishia mrenda si soda ya kuokea. Yana ukali zaidi wa alkali na yana mchanga, kwa hiyo yaache jikoni. Jivu na waya wa kusugulia sufuria vivyo hivyo. Mikwaruzo unayoiacha leo ndiyo mifereji ya uchafu wa kesho.

Asetoni, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha, huyeyusha plastiki ngumu nyingi za vichezeo, ikiwemo ile ya matofali ya kuunganisha, kwa sekunde chache. Thina hufanya vivyo hivyo. Petroli huharibu baadhi yake na huacha mvuke unaowaka. Hata spiriti, ambayo niliisifu kwa rangi ya mpira, ikipakwa mara kwa mara juu ya PVC laini huvuta kile kiowevu kutoka ndani na kuiacha ngumu, na rangi ya midomo hutoka nayo. Jik haiondoi mafuta kabisa. Kazi yake ni kuua vijidudu, na inafanya hivyo tu juu ya kitu kilichokwisha kuoshwa. Ukihitaji kuitumia kwenye plastiki ngumu baada ya mtoto kuugua tumbo, mililita 30 za Jik ya asilimia 3.5 katika lita 1 ya maji baridi zinatosha. Iache dakika kumi, suuza vizuri. Isichanganywe kamwe na siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Plastiki ngumu isiyo na betri wala chuma ndiyo rahisi kuliko zote. Itumbukize beseni, isugue kwa mswaki laini, isuuze. Kampuni ya Lego yenyewe inasema maji ya matofali yake yasizidi nyuzi 40, kwa kuwa yakizidi hapo yanaweza kupinda. Gundi ya stika iliyobaki inalainishwa kwa tone la mafuta ya kupikia kwa nusu saa, kisha mafuta yenyewe yaoshwe kwa sabuni. Na plastiki nyeupe iliyogeuka njano si chafu hata kidogo. Ni jua na hewa vilivyoibadilisha, wala hakuna kusugua kutakakoirudisha.

Wiki moja baadaye

Kichwa na mikono ya doli letu vilikauka na kubaki vikavu. Utando wake ulikuwa wa jikoni, basi. Miguu ilirudi kunata siku ya nne, na siku ya saba ilikuwa na vitone nyuma ya magoti. Hii haishangazi. Viungo vya doli moja huweza kutoka kwenye michanganyiko tofauti ya plastiki, na soksi ya nailoni iliyobana mguu ilikuwa imezuia mafuta yasitawanyike.

Kwa miguu kama hiyo hakuna uponyaji, kuna kupunguza tu. Unaipangusa tena kwa sabuni na maji, na unaweza kurudia kila baada ya miezi kadhaa ikihitajika. Lakini elewa kwamba kila unachofuta ni sehemu ya plastiki inayoondoka bila kurudishwa. Baada ya miaka mguu utasinyaa, utakuwa mgumu na hatimaye kupasuka. Kuosha kila wiki kwa bidii kunaleta siku hiyo karibu. Wapo wanaopaka unga wa mahindi au poda ya mtoto ili usinate. Unga ukikutana na unyevu wa usiku wa ziwani hugeuka uji na kuotesha ukungu, na poda huingia kifuani mwa mtoto anayelikumbatia doli. Vyote viwili sivitaki.

Kinachosaidia ni mahali pa kulitunzia. Penye baridi kadiri nyumba inavyoruhusu, mbali na jua, mbali na ukuta wa jikoni, na bila kugusana na plastiki nyingine. Katikati ya miguu weka karatasi ya kuokea yenye silikoni, ile isiyoshika keki, kwa kuwa gazeti litaganda na wino wake kuhamia kwenye ngozi. Usilifunge kwa mfuko wa nailoni unaogusana nalo, maana mfuko huo hunyonya kile kiowevu na kukivuta kitoke zaidi.

Kiwiliwili cha kitambaa

Hapa doli linakuwa ndugu wa tedi, na maelezo ni yaleyale. Swali la kwanza si kitambaa, ni kilichojazwa ndani. Fumua sentimita mbili za mshono wa mgongoni uchungulie.

Nyuzi nyeupe zinazorudi juu ukizibonyeza ni poliesta, na zinaoshwa bila tabu. Vipande vya sponji ya godoro, ambavyo mafundi wetu huvitumia sana, hubeba maji mengi na hukauka nje huku katikati bado ni majimaji. Vikiwa vizee hugeuka rangi ya chungwa na kusagika unga. Vikifika hapo vitupe, ujaze upya. Sufi ni nyepesi na laini, lakini ikilowa na sabuni hushikana mabonge yasiyofumuka, kwa hiyo haioshwi, inaanikwa tu. Maranda na majani makavu, yanayopatikana kwenye matedi ya kale, hayapaswi kuguswa na maji kabisa. Tedi wa namna hiyo hupanguswa manyoya tu kwa povu.

Neno kuhusu povu, kwa kuwa ndilo njia ya kumsafisha tedi asiyeweza kutumbukizwa. Piga sabuni ya vyombo kidogo katika maji hadi bakuli lijae povu, chota povu peke yake bila maji, lisambaze juu ya manyoya kwa brashi, kisha lipanguse mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Povu lina sabuni ya kutosha kushika mafuta na maji machache mno kupenya ndani.

Kiwiliwili cha doli letu kilikuwa na poliesta, na kichwa kilikuwa kimefungwa shingoni kwa ukanda wa plastiki wa kukazia, kama ule wa mafundi umeme. Tulikata ukanda, tukatoa kichwa na viungo, tukatoa nyuzi zote. Kabla ya kutoa nyuzi tulikuwa tumekipima kiwiliwili peke yake, na nyuzi zake ndani, kwenye mizani ya jikoni: gramu 140. Nambari hiyo iandike. Ina kazi baadaye.

Rangi ya kitambaa ijaribiwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ukikibonyeza kwa dakika moja kwenye mshono wa ndani. Kikitoka na rangi, osha kwa maji baridi na kwa haraka. Chetu hakikuchuja. Kikaloweshwa dakika ishirini katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga iliyokwisha kuyeyushwa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, kikabonyezwa bila kusokotwa. Nyuzi zilitiwa ndani ya soksi ndefu ya nailoni iliyofungwa mdomo, zikaoshwa vivyo hivyo bila kutawanyika beseni zima.

Suuza hadi maji yasitoe povu ukiyavuruga kwa mkono. Sisi wa kufua kwa mkono huipenda sabuni nyingi na kuyabania maji ya kusuuza, hasa penye uhaba wa maji, na matokeo yake ni tedi ambaye manyoya yake yamekauka yakashikana vishungi na kuanza kukusanya vumbi ndani ya siku chache. Hiyo nayo ni nata ya nje, tuliyoiweka wenyewe. Kukiwa na maji machache, punguza sabuni, usipunguze kusuuza. Ukiweka siki kijiko kimoja katika maji ya mwisho, inasaidia kuondoa ugando wa sabuni ya kipande, mradi hapakutumika Jik.

Kisha ni kukausha, na hapa ndipo matedi mengi yaliyooshwa vizuri huharibika. Kamua kwa kumviringisha tedi ndani ya taulo kavu na kulikanyaga taulo hilo, si kwa kumnyonga tedi mwenyewe. Mlaze juu ya wavu au uteo mkubwa penye kivuli na upepo, umgeuze kila saa chache. Ukimning'iniza kwa sikio, maji yote hushuka miguuni na mshono wa sikio hulegea. Jua kali hukausha nje haraka na kufifisha rangi. Moto wa jiko hufanya manyoya ya akriliki kuyeyuka na kushikana, na hayachaniki tena. Kisumu, unyevu wa usiku kutoka ziwani hurudisha maji kwenye kitu kilichokaribia kukauka, kwa hiyo kiingize ndani jioni. Mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimeshika, ni heri kuahirisha kazi nzima.

Utajuaje kwamba amekauka katikati? Mkono hudanganywa na baridi na joto. Mizani haidanganywi. Kiwiliwili na nyuzi vya doli letu vilikuwa gramu 171 jioni ya kwanza, ingawa nje vilihisi vikavu, na vilifika 140 siku ya pili alasiri. Ukikosa mizani, bonyeza katikati kwa nguvu na unuse. Harufu ya stoo iliyofungwa ina maana ukungu umeanza, na hapo fumua, osha tena, utandaze nyuzi zenyewe.

Kabla ya kushona, vuta kila jicho, pua na kifungo kwa nguvu ambayo mtoto angevuta. Kikilegea, kishone upya au kitoe. Kichwa kirudishwe kwa ukanda mpya, ncha yake ikatwe sambamba na kugeuzwa ndani ya shingo isije ikachoma.

Kuna kaya ambazo mtoto anakohoa usiku na daktari ametaja utitiri wa vumbi. Kwa hao maji ya vuguvugu hayatoshi, kwani utitiri hufa kwa maji ya nyuzi 60, ambayo tedi wengi hawayavumilii. Badala yake, mweke tedi mkavu ndani ya chombo chenye mfuniko, kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Saa 24 ni kiwango cha chini, na mimi huacha 48 kwa tedi mnene kwa sababu baridi huchelewa kufika katikati. Friza huua utitiri lakini haiondoi kinyesi chake, nacho ndicho kinachochokoza kifua, kwa hiyo akitoka huko ndipo huoshwa. Stima ikipotea kwa muda mrefu hadi barafu ikaanza kulegea, anza kuhesabu saa upya.